Uchakavu wa gari na akiba ya gari lingine: vinatofautiana wapi, na wewe unahitaji kipi

Fungua vitabu vya kampuni ndogo ya usafirishaji, utakuta mstari umeandikwa "uchakavu". Muulize mwenye kampuni huo mstari ni wa nini, na mara nyingi atakujibu bila kusita kwamba hizo ni hela za kununulia gari lingine hili likichoka. Jibu hilo limewaponza wengi. Gari linafika mwisho, vitabu vinaonyesha uchakavu wa milioni 30, benki kuna milioni moja na ushee, na mhasibu anaanza kutazamwa kwa jicho baya. Kumbe hakuna aliyeiba. Hizo milioni 30 hazikuwahi kuwekwa popote.

Uchakavu na akiba ya gari ni vitu viwili, kila kimoja kina kazi yake, na kimoja hakiwezi kufanya kazi ya mwenzake. Njia rahisi ya kuviona ni kuviweka ubavu kwa ubavu juu ya gari moja, kwa tarakimu zilezile, kisha uamue biashara yako inahitaji kipi, kwa kiasi gani, na wakati gani.

Gari lenyewe

Tuseme kaka na dada wana kampuni ndogo Dar es Salaam. Wana Hiace moja ya mtumba kutoka Japani, na wana mkataba wa kubeba wafanyakazi wa kiwanda asubuhi na jioni. Ukijumlisha bei ya gari, meli, ushuru wa bandarini na usajili, mpaka linaingia barabarani limekula Sh 36,000,000. Zote hizo zinaingia kwenye gharama ya gari, kwa sababu bila hizo gari lisingefanya kazi. Bima ya mwaka haimo, hiyo ni gharama ya mwaka wake.

Wanakadiria kulitumia miaka 5, kisha kuliuza kwa Sh 6,000,000. Kwa hiyo sehemu ya gari watakayoimaliza wao ni Sh 30,000,000. Ukiigawa kwa miaka 5 unapata Sh 6,000,000 kwa mwaka, au Sh 500,000 kwa mwezi. Huo ndio uchakavu wao kwa njia ya mafungu sawa.

Kiwanda kinawalipa Sh 3,500,000 kwa mwezi, yaani Sh 42,000,000 kwa mwaka. Mafuta, mshahara wa dereva, matairi, gereji, bima na leseni vinakula Sh 2,400,000 kwa mwezi, yaani Sh 28,800,000 kwa mwaka. Mwisho wa mwaka taslimu iliyobaki ni Sh 13,200,000. Kodi ya mapato tuiache pembeni kwanza.

Kwa nini gharama inagawanywa

Hela ya gari ilitoka siku moja, lakini gari linafanya kazi miaka 5. Ukiiandika gharama yote mwaka wa kwanza, vitabu vitasema mwaka huo mmepata hasara ya Sh 22,800,000, kisha miaka minne inayofuata mnapata faida ya Sh 13,200,000 kila mwaka. Kauli zote mbili si kweli. Kazi ni ileile, gari ni lilelile, mteja ni yuleyule. Miaka minne ya mwisho inaonekana minono kwa sababu tu inatumia gari ambalo mwaka wa kwanza umelibebeshwa peke yake.

Uchakavu unaukata mzigo huo ili kila mwaka ubebe kipande chake. Mwaka wa kwanza faida ni 13,200,000 kutoa 6,000,000, yaani Sh 7,200,000, na kazi isipobadilika hata mwaka wa tano itakuwa hivyo. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu kinachohusu mali kama hizi, IAS 16, kinaueleza uchakavu kwa namna hiyohiyo: ni kuigawa kwa utaratibu gharama ya mali, ukishatoa bei ya kuiuza mwishoni, katika muda wa matumizi yake. Humo hakuna habari ya kuweka hela, na wala hakuna habari ya kukisia gari lingeuzwa bei gani leo sokoni. Kuna kugawa tu.

Faida ya kugawa inaonekana zaidi siku ya kupanga bei. Mkataba unaisha, na kiwanda kinasema safari hii kitalipa Sh 2,800,000 kwa mwezi. Asiyehesabu uchakavu anaona gharama zake ni 2,400,000, anabakiwa na 400,000, anasaini. Anayehesabu anajua gari linajimaliza kwa Sh 500,000 kila mwezi, hivyo mkataba huo ni hasara ya Sh 100,000 kwa mwezi. Hasara hiyo haitaonekana benki kwa miaka, kwa sababu hela ya gari ilishatoka zamani. Itaonekana siku gari limekufa, na 400,000 za kila mwezi zimeshaliwa kama faida.

Viwili ubavu kwa ubavu

Tazama jinsi kila kimoja kinavyoandikwa kwenye leja. Uchakavu wa mwezi unaandikwa debiti gharama ya uchakavu Sh 500,000, krediti uchakavu limbikizi Sh 500,000. Pitia tena mistari hiyo miwili uitafute benki au sanduku la fedha. Havimo. Uchakavu limbikizi ni mahali pa kukusanyia vipande vilivyokwisha kukatwa kwenye gharama ya gari. Kwenye mizania unakaa chini ya bei ya gari na kuipunguza. Milioni 30 za uchakavu limbikizi maana yake ni kwamba gari hili tumeshalimaliza kwa milioni 30, basi.

Akiba inaandikwa debiti akaunti ya benki ya akiba ya gari, krediti akaunti ya benki ya kazi. Hapa benki imo, tena mara mbili. Hela imetoka chumba kimoja cha benki imeingia kingine. Faida haijaguswa, maana kuhamisha hela yako mwenyewe si gharama.

| | Uchakavu | Akiba ya gari |
|---|---|---|
| Unajibu swali gani? | Gari limetugharimu kiasi gani mwaka huu? | Hela ya gari linalofuata itatoka wapi? |
| Hela inahama? | Hapana | Ndiyo |
| Faida inapungua? | Ndiyo | Hapana |
| Unapimwa kwa bei ipi? | Iliyolipwa zamani | Itakayolipwa baadaye |
| Mwaka ukiwa mbaya | Unaandikwa vilevile | Huenda hakuna cha kuweka |

Mstari wa mwisho wa jedwali una uzito kuliko unavyoonekana. Tuseme kiwanda kinafunga kwa matengenezo na mwaka huo taslimu iliyobaki ni Sh 4,000,000 badala ya 13,200,000. Uchakavu bado ni 6,000,000, kwa hiyo vitabu vinasema hasara ya Sh 2,000,000. Hata hivyo milioni 4 zipo benki, unaweza kuzitoa na kuzishika. Uchakavu ungekuwa hela iliyowekwa, hizo 6,000,000 zingetoka wapi wakati zilizopatikana ni 4,000,000? Gari likilala gereji miezi miwili mambo ni yaleyale: kwa mafungu sawa ya mwaka uchakavu unaendelea kuandikwa, huku hata shilingi haiingii.

Ushahidi mwingine unatoka TRA. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 ina viwango vyake vya uchakavu kwa wanaolipa kodi kwa hesabu kamili. Basi dogo la abiria chini ya 30 liko kundi la kwanza, asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Kwa Hiace yetu, mwaka wa kwanza ni Sh 13,500,000, wa pili Sh 8,437,500, na unaendelea kushuka. Kwenye vitabu vya ndugu hawa uchakavu wa mwaka wa kwanza ni 6,000,000, na kwenye hesabu za kodi ni 13,500,000. Gari ni moja na hela iliyolinunua ni moja. Kiasi cha fedha kilichowekwa benki hakiwezi kuwa namba mbili kwa wakati mmoja, ila njia ya kugawa gharama inaweza.

Ni kweli kwamba upande wa kodi uchakavu unagusa hela halisi. Kampuni hii bila punguzo hilo ingelipa kodi ya asilimia 30 juu ya 13,200,000, yaani Sh 3,960,000. Kwa punguzo hilo, mwaka wa kwanza haina faida ya kutozwa kodi. Lakini angalia kilichotokea: hela imebaki kwa sababu kodi haikulipwa. Bado iko kwenye akaunti ya kazi pamoja na hela nyingine, na inaweza kutumika kwa lolote.

Hela zinapotelea wapi

Turudi kwa kaka na dada. Kila mwaka waligawana faida tu, Sh 7,200,000, kila mmoja 3,600,000. Hawakugusa zile 6,000,000 nyingine. Hapo uchakavu umefanya jambo jema sana, umewazuia kugawana mtaji wao wakidhani ni faida. Wangegawana taslimu yote, kila mwaka wangekula kipande cha gari. Kwa hiyo baada ya miaka 5, kampuni ina Sh 30,000,000 zaidi ya ambazo ingekuwa nazo wangegawana zote.

Lakini zaidi wapi? Mwaka wa pili walilipia fremu ya ofisi kwa miaka miwili mbele. Mwaka wa tatu walianza kubeba wafanyakazi wa kampuni nyingine kwa mkopo, na kampuni hiyo inadaiwa mpaka leo. Mwaka wa nne walinunua kompyuta na pikipiki ya ofisi. Mwaka wa tano walinunua matairi na vipuri vya akiba kwa jumla, wakavihifadhi stoo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni ujinga. Dada anaposema, "Kaka, si tuna milioni 30 za uchakavu?" jibu sahihi ni kwamba thamani nyingi bado imo ndani ya kampuni, ila imekuwa deni, vipuri na pikipiki, na nyingine, kama kodi ya fremu, imeshatumika. Muuza magari hapokei vipuri.

Kwa maoni yangu hapa ndipo kosa kubwa linapozaliwa. Watu wanaona uchakavu umewazuia kutoa hela, wanadhani umeziweka. Kuzuia kutoa na kuweka ni hatua mbili. Uchakavu unasaidia hatua ya kwanza, tena pale tu wenye mali wanapokubali kwamba watagawana faida na si taslimu. Hatua ya pili inahitaji mtu aende benki.

Mahali pengine panapopotosha ni taarifa ya mtiririko wa fedha. Wahasibu wengi huianza kwa faida, kisha wanaongeza uchakavu. Kwa gari letu utasoma: faida 7,200,000, ongeza uchakavu 6,000,000, fedha kutokana na shughuli 13,200,000. Msomaji asiyezoea anaona uchakavu umeleta milioni 6. Hapana. Uliondolewa kwenye faida bila hela kutoka, sasa unarudishwa ili tufike kwenye hela iliyopatikana kweli. Jaribu mwenyewe: badili makadirio, sema gari litatumika miaka 3 badala ya 5. Uchakavu unapanda hadi Sh 10,000,000 kwa mwaka, faida inashuka hadi 3,200,000, ukijumlisha unapata 13,200,000 ileile. Kilicholeta hela ni nauli ya kiwanda, na hiyo haikubadilika.

Hata ukiweka, usiweke namba ya uchakavu

Kuna wanaolielewa hili vizuri, wakafungua akaunti na kuweka Sh 500,000 kila mwezi sawasawa na uchakavu. Ni afadhali mara mia kuliko kutoweka, lakini kuna shimo. Uchakavu unapimwa kwa bei ya zamani, na gari linalofuata litanunuliwa kwa bei ya wakati huo, ambayo inafuata dola, ushuru na soko la Japani.

Tuseme bei inapanda kwa asilimia 6 kwa mwaka. Hilo ni kadirio la mfano tu, weka lako. Baada ya miaka 5 gari la aina hiyo litakuwa kama Sh 48,200,000. Toa 6,000,000 za kuuza gari la zamani, zinatakiwa 42,200,000. Aliyeweka 500,000 kwa mwezi ana 30,000,000 na riba kidogo. Pengo ni zaidi ya milioni 10. Bila kuhesabu riba, alipaswa kuweka kama Sh 700,000 kwa mwezi.

Usijaribu kuuziba mwanya huo kwa kupandisha uchakavu vitabuni. Uchakavu ni wa gharama iliyotokea, na gharama iliyotokea ni 36,000,000. Pandisha akiba, kwa sababu akiba ni uamuzi wako na inaweza kufuata bei. Kila mwaka uliza bei ya gari unalotaka, rekebisha kiasi cha mwezi, endelea.

Gari la mkopo

Mkopo unabadilisha uchaguzi wote. Tuseme ndugu hawa walitoa 12,000,000 zao na kukopa 24,000,000 za kurudisha kwa miaka 3, Sh 8,000,000 kila mwaka, na riba ya mwaka wa kwanza ni Sh 3,600,000. Riba ni gharama. Zile 8,000,000 za kurudisha mkopo wenyewe si gharama, ni kulipa deni. Gharama ya gari inapita kwenye uchakavu. Ukiziandika zote mbili kama gharama umelihesabu gari mara mbili.

Sasa piga hesabu. Taslimu 13,200,000 kutoa riba 3,600,000 inabaki 9,600,000. Kwenye vitabu toa uchakavu 6,000,000, faida ni Sh 3,600,000. Kwenye benki toa mkopo 8,000,000, hela iliyobaki ni Sh 1,600,000. Wakigawana faida yote kama walivyozoea, watapungukiwa na Sh 2,000,000 mwaka huohuo. Faida ni halali, vitabu ni sahihi, lakini hela haipo, kwa sababu mkopo unadai gari lilipwe haraka kuliko linavyochakaa.

Mwenye gari la mkopo, basi, asihangaike na akiba ya gari jipya katika miaka hiyo. Hela ambayo uchakavu umeizuia isigawanywe tayari ina mwenyewe, nayo ni benki. Aandike uchakavu kama kawaida, aweke fungu dogo la injini na giaboksi ili gari lisisimame katikati ya mkopo, na agawane kile kidogo kati ya namba mbili: faida au hela iliyobaki baada ya marejesho. Siku mkopo unaisha, marejesho yasiishe. Kiasi kilekile kiendelee kutoka kila mwezi, safari hii kikiingia akaunti ya akiba. Mwezi wa kwanza baada ya mkopo ndio mgumu, maana kila mtu nyumbani anajua deni limekwisha.

Uchague vipi

Kama gari ni lako peke yako, halina mkopo na hulipi kodi kwa hesabu kamili, akiba ndiyo itakayokuokoa na iwe ya kwanza. Uchakavu upige hata kwenye daftari, mara moja tu, ili ujue bei ya chini kabisa unayoweza kukubali kwa kazi. Kwenye mfano wetu ni Sh 2,900,000 kwa mwezi, na chini ya hapo unauza gari lako vipande vipande kwa mteja.

Kama mko wawili au zaidi mnaogawana faida, uchakavu unatangulia, kwa sababu bila hiyo namba mtagombana au mtakula mtaji kwa maelewano. Mkubaliane kwa maandishi miaka ya matumizi na bei ya mwisho ya kuuza kabla hamjagawana chochote. Kisha mkubaliane jambo la pili, tofauti na la kwanza: kiasi gani kinahamishwa kila mwezi, akaunti gani, na nani wanasaini. Saini mbili ni bora kuliko moja, hata kwa ndugu.

Wenye magari mengi wana nafasi ambayo wa gari moja hana. Ukiwa na Hiace 5 zilizonunuliwa kila moja mwaka wake, kila mwaka unabadilisha moja. Uchakavu wa magari yote ni Sh 30,000,000 kwa mwaka, na gari moja jipya baada ya kuuza la zamani linahitaji hela ya kiwango hichohicho ikiwa bei imetulia, na zaidi kidogo ikiwa inapanda. Hela inayozuiwa mwaka huu inanunua gari mwaka huuhuu, kwa hiyo akaunti kubwa ya akiba haina lazima; inatosha fungu la kuziba tofauti ya bei. Angalia tu kwamba magari hayakununuliwa yote kwa mpigo, maana hapo yatachoka yote kwa mpigo, na kampuni ya magari 5 itakuwa kwenye shida ileile ya mwenye gari moja, mara tano.